Intaneti imekatika Mbeya, Songwe na Rungwe: taarifa mpya ya Jumanne saa 4:30 asubuhi, inayofuata saa 7:00 mchana

Ndugu wateja wetu, poleni sana kwa usumbufu wa toka asubuhi. Taarifa hii inachukua nafasi ya ile meseji fupi ya saa 2 iliyosema tu kuna hitilafu na mafundi wanafuatilia. Saizi tunajua nini kimekatika, wapi, na nani kaguswa, kwa hiyo tunawaambia yote ili kila mtu ajipange mapema asikae anawasha na kuzima ruta kutwa nzima.

Kwa aliye na haraka: faiba kubwa inayoleta intaneti Mbeya imekatwa saa 1:47 asubuhi kati ya Igurusi na Inyala, tunategemea huduma irudi kamili leo leo kati ya saa 10 na saa 12 jioni, na saa 7:00 mchana tutawatumia taarifa nyingine hata kama hakutakuwa na jipya.

Walioguswa ni wateja wote wa Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi, Vwawa, Tunduma na Tukuyu. Wa Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe na Chimala hawajaguswa, maana intaneti inatoka Dar inapita kwao kwanza ndio inakuja huku, na palipokatika ni mbele yao. Kama uko Njombe na huna intaneti basi shida yako ni nyingine, tupigie usisubiri hii.

Saa 2:20 tuliwasha njia ya akiba inayopita kwenye minara. Hii njia ni nyembamba, haiwezi kubeba watu wote kwa spidi ya kawaida, kwa hiyo tumeigawa kwa makusudi: vituo vya afya, SACCOS na mawakala wa fedha wamepewa nafasi kwanza, wengine wote wanapata kinachobaki. Mtaona meseji za wasapu na voisi noti zinaenda, imeili zisizo na mafaili makubwa zinaenda, kurasa za kawaida zinafunguka ila kwa kujivuta. Mikutano ya video, Yutyubu, kupandisha mafaili mazito, na kuangalia kamera zako za duka ukiwa mbali, hivyo havitafanya kazi vizuri mpaka faiba irudi. Kamera zenyewe zinaendelea kurekodi kwenye mashine iliyoko dukani kwako, hakuna kinachopotea, ni kuziangalia kwa simu tu ndio hakuna. Wenye lodge pale Tunduma waambieni wageni mapema, ni bora ajue wakati anachukua chumba kuliko aje kugomba mapokezi usiku.

Kwenye malipo tunaomba muwe makini sana. Ukilipia kitu kwa kontroo namba ukaona ukurasa umeganda, usilipe mara ya pili, angalia kwanza meseji ya mtandao wako wa simu au salio lako la benki, mara nyingi hela imeshatoka ila jibu ndio limechelewa kurudi. Na wenye maduka mnaotoa risiti kwa mifumo inayotegemea intaneti yetu, subirini jibu lirudi kabla hamjabonyeza tena, msije mkatoa risiti mbili kwa mauzo yale yale.

Sasa chanzo. Wengi mmeuliza kama ni umeme, sio umeme, mitambo yetu ya Mbeya iko hewani muda wote. Kijiko kilichokuwa kinachimba mtaro pembeni ya barabara kuu kimeipata waya yetu ya faiba. Na kijiko hakikati kama kisu, kinavuta kwanza ndio kinakata, kwa hiyo waya imenyooshwa na nyuzi za ndani zimevunjika hata mbali na pale palipoonekana. Mafundi wamefika saa 3:10, wamepima kwa mashine ya mwanga kutoka pande zote mbili na kukuta kipande cha mita 120 hivi hakifai tena. Kukiunga palipokatika tu kungerudisha huduma mapema kidogo, lakini zile nyuzi zilizonyooka zingekuja kukatika moja moja wiki zijazo na mngekaa kwenye shida hii hii, kwa hiyo tumeamua kutoa kipande chote na kuweka kipya.

Ndio maana tunasema jioni. Kuna kuchimba na kulaza waya mpya, halafu ndani ya waya kuna nyuzi 48 za kioo nyembamba kama unywele, kila mmoja unasafishwa, unakatwa sawasawa na kuchomelewa peke yake, na kwa sababu kipande kina ncha mbili hiyo ni kazi ya maunganisho 96. Nyuzi zinazobeba wateja wetu zitachomelewa mwanzo, kwa hiyo kuna uwezekano mkaanza kuona spidi inapanda kabla ya saa 10, ila msipangie kazi ya lazima muda huo, pangieni saa 12. Kinachoweza kutuchelewesha ni mvua, wingu limeshatanda upande wa Inyala, na nyuzi hizi haziungwi zikiwa na unyevu. Hema wanalo, mvua ya kawaida haitawasimamisha, ila ikiwa kubwa ya kujaza mtaro tutawaambia saa hiyo hiyo na kuwapa muda mpya, hatutasubiri saa 7.

Kitu kimoja tunawasihi: msibonyeze kale katundu ka reset nyuma ya ruta. Ukikabonyeza ruta inafuta mipangilio yote, na faiba ikirudi jioni wewe utabaki huna intaneti mpaka fundi aje kwako. Angalia taa tu. Kama taa ya PON ni ya kijani imetulia na ya LOS imezima, waya wako wa kuja kwetu ni mzima na huduma itarudi yenyewe bila kugusa chochote. Kama LOS inawaka nyekundu, hiyo sio shida ya leo ya Igurusi, una tatizo kwenye waya wa nyumbani au mtaani kwako, piga namba iliyobandikwa juu ya ruta tukufungulie kazi yako peke yake.

Na atakayekuja kwako leo anajiita fundi wetu anataka hela ya "kuunganisha upya", usimpe hata mia. Matengenezo haya hayamhusu mteja kwa gharama yoyote.

Siku ya leo haitahesabiwa kwenye bando lako la mwezi. Kila aliyeko kwenye maeneo tuliyoyataja ataongezewa siku moja mbele, inaingia yenyewe kesho kabla ya saa 6 mchana, huna haja ya kupiga simu kuomba. Aliyelipia jana usiku au leo asubuhi naye yumo.

Wenye kazi isiyoweza kusubiri, mfano mtu ana tenda inafungwa leo au hospitali ina majibu ya kutuma, njooni ofisini kwetu Mbeya mjini, tumeweka meza yenye kompyuta zilizoko kwenye ile njia ya akiba, mnatuma mafaili yenu bure. Njooni na mafaili kwenye flashi ili foleni iende.

Taarifa inayofuata ni saa 7:00 mchana kwa meseji na kwenye grupu la wasapu la wateja, itasema waya umelazwa mpaka wapi na kama muda wa saa 10 hadi 12 bado unasimama. Baada ya hapo saa 9:00, halafu nyingine huduma ikirudi.

Dawati la wateja, Mbeya