Hilo Jiko Usiliingize Ndani

[Picha: mikono imebeba jiko la mkaa mwekundu, mguu mmoja umeshavuka kizingiti cha mlango. Picha inaganda.]

Simama hapo hapo. Hilo jiko usiliingize.

Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua watu wakiwa wamelala.

[Maandishi makubwa: MOSHI UMEISHA. SUMU IPO.]

Najua ulivyofanya, maana huku baridini karibu kila nyumba inafanya hivyo. Umewasha jiko nje, umelipepea, umengoja moshi ukatike na mkaa ukolee. Ukaona sasa limekuwa zuri, ngoja nilipeleke chumbani watoto wapate joto. Ule moshi uliokuwa unakuliza machozi na kukukohoza ulikuwa unakufukuza. Kilichobaki hakikufukuzi. Hakina rangi, hakina harufu, hakiwashi koo. Kinaitwa kaboni monoksaidi.

Kamwene. Mimi ni muuguzi, niko Njombe, na tumeshaingia miezi ya baridi yenyewe, Juni mpaka Agosti. Nimeshapokea familia zilizoletwa asubuhi zikiwa zimebebwa, kwa sababu ya jiko kama hili. Kwa hiyo leo naomba unisikilize mpaka mwisho, hata kama una haraka.

[Picha: jiko likiwa uani usiku, mkaa unang'aa, upepo unarusha cheche.]

Mkaa ukiungua kwa hewa ya kutosha, unatoa zaidi hewa ukaa. Hewa ikipungua, unatoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Jiko letu la kawaida, hata likikolea vipi, linatoa zote mbili. Uani upepo unazichukua, hakuna anayedhurika. Chumbani zinabaki na wewe. Na kadiri chumba kinavyoishiwa hewa safi, ndivyo mkaa unavyozidi kutoa ile mbaya.

Halafu kuna ile tabia ya kufukia makaa kwa majivu ili yadumu mpaka alfajiri. Ukifanya hivyo mkaa unaungua polepole, kwa hewa kidogo, usiku kucha. Ukiangalia unaona jiko limetulia, kumbe bado linatoa sumu.

[Picha: kanga iliyokunjwa, inasukumwa kwa kidole cha mguu chini ya mlango mpaka mwanga wa nje unapotea.]

Hii kanga unaifahamu. Tunaziba chini ya mlango upepo usipite, tunasukumia gazeti kwenye tundu la dirisha, tunafunga vioo. Ukishamaliza hapo umeshakiziba chumba, na jiko limo ndani.

Wazee wananiuliza: mbona bibi zetu walilala na moto miaka yote? Ni swali la haki, nalijibu kwa heshima. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, moshi ulipita juu kwenye paa, na ukutani kulikuwa na nafasi za kupitisha hewa. Alichoma kuni, na kuni zikizidi moshi zinakuamsha. Wewe una bati, una dari, una dirisha la kioo linalobana, na unachoma mkaa wa miwati ambao hautoi moshi. Usilinganishe nyumba yako na ya bibi.

[Picha: mchoro wa mshipa wa damu, vidoto vyekundu vinapita, vingine vimeshikwa na vidoto vyeusi.]

Sasa inakuuaje? Kwenye damu kuna kitu kinaitwa himoglobini, kazi yake kubeba oksijeni. Fikiria Kosta ya kwenda Makambako. Oksijeni ni abiria anayepanda na kushuka. Kaboni monoksaidi ni abiria anayekalia kiti na kugoma kushuka, kwa sababu inaing'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Viti vinajaa. Unavuta pumzi vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu.

Ndiyo maana hakuna kelele wala kuhangaika. Aliyelala anazidi kuzama usingizini. Aliye macho anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Anawaza labda ni malaria, labda chakula cha jioni. Anajilaza kidogo apumzike. Wengine wanashtuka kwamba kuna jambo, wanajaribu kuufikia mlango, miguu inakataa. Tunaambiwa na majirani: tulimkuta sakafuni, mkono umeelekea kitasa.

[Maandishi: KICHWA KINAWAUMA WOTE NYUMBANI? TOKENI NJE.]

Kuna dalili moja naomba uishike sana. Malaria haiwashiki watu wanne wa nyumba moja kwa saa moja. Kama jiko linawaka ndani na kichwa kinakuuma wewe, mtoto analalamika, mgeni naye anataka kutapika, na hakuna mwenye homa, tokeni nje wote sasa hivi. Mkipigwa na upepo mkaanza kuona nafuu, ujue jiko ndilo lililokuwa linawaumiza. Msirudi ndani kuendelea kulala.

[Picha: mama aliyejifungua, kitanda kimezungukwa na pazia, jiko liko karibu na miguu ya kitanda.]

Hapa nataka nikae kidogo, maana panauma. Mama akijifungua Julai, wakwe na mama wadogo wanakuja kumkanda, na chumba lazima kiwe na joto. Jiko linawekwa pembeni ya kitanda, mlango unafungwa kichanga kisipigwe na baridi. Wanafanya kwa mapenzi, na wala hawajakosea kuhusu baridi: kichanga kikipoa kinaweza kufa kweli. Ila joto lake lipo tayari, ni kifua cha mama. Mvue mtoto nguo, mwachie nepi, kofia na soksi, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunge pamoja kwa khanga, juu yake blanketi, pua na mdomo wa mtoto viwe wazi. Ndivyo tunavyowatunza hata njiti wodini. Mama akichoka, baba naye ana kifua.

Na mwenye mimba, dada yangu, wewe jihadhari mara mbili. Sumu hii inavuka mpaka kwa mtoto, na inachelewa kutoka kwake kuliko kwako. Unaweza kuamka wewe ukajiona mzima, kumbe mtoto tumboni ameumia.

[Picha: bakuli la maji pembeni ya jiko, kikombe cha maziwa mezani. Vyote vinapigwa mkasi mwekundu.]

Bakuli la maji pembeni ya jiko halisaidii, hii hewa haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukuokoa. Maziwa hayasaidii, sumu iko kwenye damu, haiko tumboni. Dirisha lililofunguliwa upana wa vidole viwili linapunguza tu, halikupi ruhusa ya kulala. Na jenereta usiliwashe ndani wala kibarazani karibu na dirisha, umeme ukikatika. Hewa yake ni hii hii.

[Picha: jiko linarudishwa uani, linamwagiwa mchanga. Kisha chupa ya maji ya moto inafungwa kwenye taulo.]

Basi tulale vipi na baridi hii? Pika ukiwa umefungua mlango, ote moto ukiwa macho na hewa inapita, na kabla hujapanda kitandani jiko litoke nje. Lote, na makaa yake, mbali na mlango na watoto. Lifukie mchanga au limwagie maji huko huko nje, simama pembeni mvuke usikuunguze. Usiliache koridoni ukasema limeshatoka chumbani.

Halafu chemsha maji, tia kwenye chupa ngumu inayofunga vizuri, izungushie taulo, iweke miguuni chini ya blanketi dakika kumi kabla ya kulala. Kwa mtoto mdogo, itoe kabla hujamlaza. Soksi, kofia, na watoto walale pamoja. Blanketi moja liwe chini yenu pia, maana baridi nyingi inatokea godoroni na sakafuni.

[Picha: mlango unasukumwa, tochi ya simu inamulika kitanda. Hakuna uso unaoonekana.]

Sasa la mwisho, na hili linamhusu jirani. Umegonga asubuhi, hakuna anayeitika, ukichungulia unaona jiko. Kwanza ita watu kwa sauti. Fungua mlango na madirisha yote, ukishindwa vunja. Vuta pumzi nje, uibane, ingia, mburute mmoja mpaka nje, ndipo uvute nyingine. Usikae mle ndani kumwamsha mtu kwa kumtikisa, utalala naye. Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania namba yao ni 114, mtu mwingine apige wakati wewe unatoa watu.

Ukishamfikisha nje, anayepumua mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Asiyepumua, weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha, na kama unajua kumpulizia pumzi, mpulizie, mpaka msaada ufike. Usimnyweshe chochote. Usimwache aseme amepona akarudi kulala, hata akitembea mwenyewe.

[Picha: kidole kimevishwa kipimo cha oksijeni, kioo kinaonyesha 98.]

Hiki kipimo cha kidoleni kinadanganywa. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi kinaisoma kama imebeba oksijeni, kinakuonyesha 98, na mgonjwa anaonekana hana shida. Kwa hiyo mkifika hospitali, neno la kwanza litoke kwenu kabla hatujauliza:

[Maandishi: "WALIKUWA WAMELALA NA JIKO LA MKAA."]

"Walikuwa wamelala na jiko la mkaa." Ukisema hivyo, hatumtafutii malaria kwanza. Tunamvisha barakoa ya oksijeni kwa kiwango cha juu, na hatutaitoa kwa sababu kipimo kimesoma vizuri. Akivuta hewa ya kawaida tu, sumu inachukua saa nne mpaka sita kupungua nusu. Kwa oksijeni ya barakoa inakuwa kama saa moja na kitu. Tofauti hiyo ni ubongo wa mtu. Kama ni mjamzito, sema na hilo, tutamweka kwenye oksijeni muda mrefu zaidi.

Na akiruhusiwa kurudi nyumbani, mwangalieni wiki kadhaa. Akianza kusahau ovyo, kubadilika tabia, kutembea kama amelewa, au mtoto akashindwa masomo aliyokuwa anayaweza, mrudisheni, na mtukumbushe habari ya jiko. Madhara mengine yanachelewa kujitokeza.

[Maandishi: MTUMIE MWENYE KICHANGA NYUMBANI LEO.]

Kama kuna mtu wa kwenu amejifungua mwezi huu, Njombe, Makete, Mufindi, Mbulu, Lushoto, Limuru, popote penye baridi, mpigie simu sasa, umuulize jiko liko wapi.