Majibu ya Notisi ya Kufuta Usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani

20 Septemba 2024

Kwa Meneja,
Ofisi ya Kodi iliyotoa notisi.

Ndugu Meneja,

YAH: NOTISI YENU KUMB. NA. KOT/FUT/2024/0318 YA TAREHE 2 SEPTEMBA 2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye biashara ya vipuri na matengenezo ya cherehani inayotajwa kwenye notisi hiyo. Notisi inanipa siku 21 kueleza kwa nini usajili wangu usifutwe, na inasema nisipojibu utafutwa kuanzia tarehe 1 Februari 2024. Naomba usifutwe. Nimejibu ndani ya muda, ingawa notisi ilipelekwa kwenye chumba nilichohama na ilinifikia mkononi tarehe 17 Septemba, mlinzi wa jengo lile aliponiletea.

Notisi inataja sababu tatu: kwamba sikuwasilisha ritani za miezi sita mfululizo, Februari hadi Julai 2024, kwamba ofisa alifika kwenye eneo la biashara tarehe 14 Agosti akakuta hakuna biashara, na kwamba mauzo yangu yako chini ya kiwango cha kusajiliwa.

Naanza na ritani, maana hapo ndipo nina kosa, na sitaki kulificha nyuma ya maelezo mengine.

Ritani za Februari, Machi na Aprili niliziwasilisha kwa wakati. Hati za kupokelewa zilizotolewa na mfumo wenu, zenye tarehe na saa, ni Kiambatisho A, pamoja na stakabadhi za benki za kodi ya Machi na Aprili. Februari haikuwa na kodi ya kulipa kwa sababu mwezi huo nilinunua mzigo mkubwa baada ya kuhama, kodi ya manunuzi ikazidi kodi ya mauzo, na salio likahamia Machi. Kwa hiyo si kweli kwamba miezi sita yote haikuwasilishwa. Naomba kumbukumbu zenu zilinganishwe na hati hizo.

Ritani za Mei, Juni na Julai sikuziwasilisha kwa wakati. Msaidizi aliyekuwa akiniandikia vitabu aliacha kazi mwishoni mwa Aprili. Tarehe 11 Mei nililazwa hospitali, nikafanyiwa upasuaji, nikaruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 24 Juni. Barua ya hospitali ni Kiambatisho B. Nilifungua tena biashara tarehe 8 Julai. Juni yote sikuuza wala kununua chochote, nikaamini kwamba mwezi usio na mauzo hauna ritani. Sasa najua kwamba ritani ya sifuri nayo ni ritani, na aliyesajiliwa anatakiwa kuiwasilisha hata kama duka lilikuwa limefungwa mwezi mzima. Julai niliiahirisha nikisubiri kupanga karatasi za Mei, zilizoachwa zimechanganyika. Nilipaswa kuja ofisini kwenu kuuliza, na sikuja.

Tarehe 18 Septemba, siku moja baada ya kuipata notisi, nimewasilisha ritani zote tatu. Nimelipa kodi ya Mei na Julai pamoja na adhabu na riba kama mfumo ulivyozikokotoa, bila kuomba punguzo lolote. Ritani ya Agosti nimeiwasilisha jana, ndani ya muda wake. Hati na stakabadhi zote ni Kiambatisho C. Leo hii hakuna mwezi ninaodaiwa ritani wala kodi.

Kuchelewa kuna adhabu yake, nami nimeilipa. Kufuta usajili ni hatua nyingine. Naielewa kuwa inamhusu mtu aliyeacha biashara, au anayetumia cheti kutoa ankara za uongo, au aliyeandikiwa na kukumbushwa akakataa kuwasilisha. Mimi si mmoja wao, na kabla ya notisi hii sikuwa nimepata barua yoyote ya kukumbushwa. Kama ilitumwa, bila shaka nayo iliishia mlangoni kwenye chumba cha zamani.

Jambo hilo linanipeleka kwenye sababu ya pili. Ofisa aliyekuja tarehe 14 Agosti alisema kweli: pale hapakuwa na biashara. Nilihama tarehe 31 Januari 2024, baada ya mwenye jengo kuhitaji vyumba vyake vya chini. Sasa niko chumba namba 12, ghorofa ya kwanza, jengo la pili kutoka lile, mtaa uleule. Tarehe 6 Februari nilileta barua ya kuwajulisha, kwa mkono, na nakala yangu ina muhuri wenu wa kupokea (Kiambatisho D). Sikujaza fomu ya kubadilisha taarifa za mlipakodi kwa sababu sikujua kwamba mbali na barua kuna fomu. Wakati wa kupokea barua sikuelekezwa. Fomu hiyo nimeijaza na nimeiambatisha leo, pamoja na mkataba wa pango unaoanza tarehe 1 Februari na bili tatu za umeme za chumba kipya. Tarehe hiyohiyo 14 Agosti nilitoa ankara mbili nikiwa chumba namba 12. Nakala zake zimo. Ofisa akifika tena atakuta rafu za vipuri, meza ya fundi, na cheti cha usajili kimetundikwa ukutani panapoonekana.

Kuhusu mauzo kuwa chini ya kiwango, sitasema mengi. Ni kweli yako chini, na yalikuwa chini tangu siku ya kwanza. Cheti changu kinasema usajili ni wa hiari. Niliuomba kwa sababu wateja wangu wakubwa ni karakana za ushonaji na viwanda vya nguo vilivyosajiliwa, na hao hawanunui kwa mtu asiyeweza kuwapa ankara ya kodi, kwa kuwa bila ankara hiyo hawawezi kurejesha kodi ya manunuzi yao. Ofisi ilipokubali ombi langu ilikuwa na hesabu zangu mezani. Kilichotakiwa kwangu ni kufanya biashara ya kweli, kutunza vitabu na kuwasilisha ritani. Miezi iliyotumika kupima mauzo yangu ni pamoja na ile niliyokuwa kitandani, na Juni ina sifuri. Nimeambatisha daftari la mauzo la miezi 12 iliyopita ili biashara ionekane ilivyo katika mwaka mzima.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu tarehe ya kuanza, yaani 1 Februari 2024. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko adhabu na gharama zote.

Kati ya Februari na Agosti nimetoa ankara za kodi 53: Februari 9, Machi 11, Aprili 10, Mei 4, Julai 7 na Agosti 12. Kila moja ina kodi niliyoitoza kwa namba ya usajili iliyokuwa hai, nikaiingiza kwenye ritani, na kodi iliyobaki baada ya makato halali nimeilipa kwenu. Wanunuzi waliopokea ankara hizo ni 17, na kati yao 11 wamesajiliwa na wamekwisha kuzitumia kudai kodi ya manunuzi. Usajili ukifutwa kurudi nyuma, ankara zote 53 zitageuka kuwa karatasi za mtu asiyesajiliwa. Wakaguzi wenu watakwenda kwa wateja wale 11, watayakataa madai yao na kuwatoza tena kodi ambayo serikali imekwisha kuipata kupitia kwangu, pamoja na riba. Watu hao hawajui hata kama nililazwa. Walikagua namba yangu kwenye mfumo, wakaikuta iko hai, wakanunua kwa nia njema.

Kwa upande wangu, nitaonekana nimetoza kodi kwa miezi saba bila kuwa na haki ya kuitoza, ambalo ni kosa kubwa, wakati nilikuwa nashika cheti mlichonipa ninyi. Kodi ya manunuzi ya ule mzigo wa Februari nayo itadaiwa irudishwe, na mzigo uliobaki rafuni utahesabiwa kama nimeuuza siku ya kufutwa. Biashara ya ukubwa wangu haiwezi kubeba yote hayo kwa pamoja. Na mteja aliyetozwa kodi mara mbili kwa sababu ya ankara yangu hatarudi, hata usajili ukirejeshwa baadaye kwa rufaa. Wateja wawili waliosikia habari za notisi hii tayari wamesitisha oda zao.

Hakuna katika sababu tatu zilizoandikwa inayoeleza kwa nini tarehe irudishwe hadi 1 Februari. Naona inalingana na mwezi wa kwanza unaodhaniwa haukuwasilishwa ritani, lakini ritani ya Februari iliwasilishwa na kupokelewa. Msingi wa tarehe hiyo umeondoka.

Kwa hiyo naomba notisi iondolewe na usajili wangu uendelee bila kukatika, na anwani yangu irekebishwe kwenye kumbukumbu zenu ili barua zinifikie. Naomba pia ofisa atumwe tena, kwenye chumba namba 12, kabla ya uamuzi wowote; nipo siku zote za kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na simhitaji kunipa taarifa mapema. Ikiwa maelezo haya hayatoshi, naomba nisikilizwe ana kwa ana nikiwa na vitabu vyangu, na usajili ubaki hai hadi hapo.

Na kama baada ya yote ofisi itaona ni lazima kufuta, naomba kufuta huko kuanze siku ya uamuzi au baada yake, kusiguse ankara hata moja iliyokwisha kutolewa. Naomba uamuzi huo uwe wa maandishi, ujibu hoja ya ritani, ya anwani na ya tarehe kila moja kwa sababu zake, ili nijue la kupeleka kwenye pingamizi na muda wake uhesabike kutoka siku nitakayoupokea.

Nimeweka kikumbusho cha kila tarehe 10 ya mwezi kwa ajili ya ritani, na kuanzia mwezi huu mhasibu anayefanya kazi za wafanyabiashara wadogo atapitia vitabu vyangu kabla sijawasilisha. Barua yake ya kukubali kazi hiyo ni Kiambatisho E.

Barua hii nimeileta kwa mkono, nakala mbili. Naomba moja igongwe muhuri wa kupokea na nirudishiwe.

Wako katika utekelezaji wa sheria,

Mmiliki,
Vipuri na Matengenezo ya Cherehani
Chumba Na. 12, Ghorofa ya Kwanza
(Mlipakodi aliyetajwa kwenye notisi KOT/FUT/2024/0318)