Tathmini ya andiko la kitabu: "Mtunya, Njaa ya Ugogo"

Mwalimu, shikamoo.

Nimelisoma andiko lako mara mbili, ya pili penseli mkononi. Nakitaka kitabu hiki. Ila kwa lilivyo sasa siwezi kulipeleka kwenye kikao cha wahariri hapa Dodoma, maana watalikataa na watakuwa na haki.

Naanza na wasomaji. Umeandika kwamba kitabu ni cha "Watanzania wote, wanafunzi, watafiti na wapenda historia". Mwenye duka la vitabu akiniuliza akiweke rafu ipi, sina la kumjibu. Tena unasema kitatumika shuleni kwenye Historia ya Tanzania na Maadili. Kitabu cha kiada hufuata muhtasari wa somo na lazima kipate ithibati. Chako hakifuati muhtasari, na sitaki ukibane ili kiufuate.

Msomaji wako umemwonyesha mwenyewe, pengine bila kujua. Ukurasa wa 14, bibi wa Mvumi anasimulia jinsi mama yake alivyoichemsha ngozi waliyokuwa wakilalia, akaikata vipande, akawapa watoto kuanzia mdogo, na yeye akanywa maji yaliyobaki chunguni. Niliweka penseli chini. Mjukuu wa bibi huyu leo anakaa Nkuhungu au Area C, ana ajira, anasoma Kiswahili, neno Mtunya amelisikia msibani na hakuthubutu kuuliza maana yake. Mwandikie huyo. Mtafiti atakuja mwenyewe.

Sentensi ya "hakuna kitabu kama hiki" naomba uifute. Mathias Mnyampala, mtoto wa hukuhuku, alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954, kwa Kiswahili. Peter Rigby alitoa kitabu chake juu ya ng'ombe na ukoo wa Wagogo mwaka 1969. Na Gregory Maddox aliandika makala juu ya Mtunya yenyewe, 1917 hadi 1920, katika jarida la historia ya Afrika la mwaka 1990. Wajumbe wa kikao wanavifahamu. Ukivinyamazia, watadhani hukusoma, wakati mimi naona kabisa umesoma.

Vitaje, kisha useme chako kinaingilia wapi. Mnyampala alisimulia kabila zima. Rigby na Maddox waliandika kwa Kiingereza, kwa wanazuoni wenzao. Wewe una wazee 31 uliowarekodi kwa Cigogo, na hakuna hata mmoja wa waandishi hao aliyekaa kwenye vigoda ulivyokalia wewe. Nusu ukurasa unatosha.

Sasa mpangilio wa sura, ambao ndio ulionikosesha usingizi. Sura 22! Nne za kwanza zinatoka uhamaji wa Wabantu hadi mkutano wa Berlin, na Mtunya inaanza sura ya tisa. Mjukuu wa Nkuhungu atakuwa ameshakifunga kitabu. Anza Mvumi, na ile ngozi chunguni. Sura ya pili ieleze nchi yenyewe: mvua za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, uwele na mtama, na ng'ombe kama akiba ya mwaka mbaya. Ya tatu iwe vita. Waingereza waliingia Kondoa Aprili 1916 na Dodoma mwishoni mwa Julai. Wajerumani walichukua chakula, mifugo na wapagazi, na waliowafuata wakafanya vilevile. Akiba ikawa imekwisha kabla mvua haijagoma. Hapa rekebisha ukurasa wa 6, unaosema njaa ililetwa na ukame, kwa sababu wazee wako wenyewe wanasema vingine.

Zinazobaki zifuate watu: waliobaki, waliohama, waliorudi wakakuta mashamba yameota vichaka, na majina waliyopewa watoto waliozaliwa wakati ule (hii ya majina isipungue hata neno). Jumla sura nane, kila moja maneno 5,000 hivi. Chini ya kila kichwa andika mistari mitatu: nani anasimulia, nini kinatokea, rekodi ipi inatumika.

Miezi sita uliyoahidi haitoshi. Una rekodi 11 ambazo hazijaandikwa, na saa moja ya sauti ya Cigogo ni kazi ya siku nzima kuiandika, achilia mbali kuitafsiri. Safari ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nayo hukuipangia hata wiki. Weka miezi 14, nami nitaitetea.

Nitumie andiko jipya kabla ya tarehe 30 Septemba, kikao ni wiki inayofuata. Kwenye rekodi, anza na ile ya mzee wa Handali. Nimeisikiliza jana, kanda imeanza kukwaruza pale anapomtaja dada yake.

Mhariri wako,
Dodoma