Zoezi la Jumamosi: Shina Moja, Nomino na Kitenzi

Kidato cha Pili, Kiswahili. Mtakusanya madaftari Jumatatu kabla ya paredi. Someni kifungu hiki mara mbili, ya pili kwa sauti.

*Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, wavuvi wa Kibirizi waliwasha taa wakaenda kuvua. Kuvua huko kulikwenda hadi alfajiri. Boti zilipotia nanga, Mama Zainabu alihesabu ndoo za dagaa zilizoshushwa, akaona hesabu yake haikubaliani na ya nahodha.*

*"Umekosa wapi, baba?"*

*"Kosa si langu, mama. Waulize waliopakua."*

*Mama Zainabu akawageukia wapakuaji. Hakuna aliyejibu. Hofu ilimwingia kijana mmoja aliyekuwa akianika dagaa mchangani. Hakuhofu kufokewa, alihofu kukosa posho ya siku. Mara mama akacheka: ndoo mbili alikuwa amezikalia mwenyewe. Kicheko chake kikawa ndilo jibu. Alitumaini mzigo ungewahi treni ya Tabora, na tumaini hilo sasa lilirudi.*

Kazi yenu ni kutoa kwenye kifungu maneno yanayotokana na shina moja, ambayo mahali pengine yametumika kama kitenzi na mahali pengine kama nomino. Mimi nitafanya machache hapa, mengine ni yenu.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndilo linalowadanganya wengi. Limeandikwa mara mbili na halikubadilika hata herufi moja. Katika "Mama Zainabu *alihesabu* ndoo" limebeba nafsi (a-) na wakati (-li-), hivyo ni kitenzi. Katika "*hesabu* yake haikubaliani" limefuatwa na kimilikishi *yake* na limetawala upatanisho *hai-*, hivyo ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Ukitazama neno peke yake kwenye karatasi huwezi kujua ni lipi. Tazama jirani zake: mbele lina nini, nyuma linafuatwa na nani.

Jibu, hofu, tumaini na hitaji yako kwenye kundi hilo hilo. Yote manne yana asili ya Kiarabu, na vitenzi vyake havikuishia na *-a* kama vile vya Kibantu. Ndiyo maana ukikanusha wakati uliopo huoni badiliko mwishoni: *hajibu, hahofu, hatumaini*. Linganisha na *anapika, hapiki*.

Sasa kosa. Hili linaishia na *-a*, kwa hiyo linatupa kipimo kizuri. Kanusha: "Nahodha *hakosi* kuja." Limegeuka *-kosi*. Nomino haifanyi hivyo. Inakwenda kwenye wingi tu, *makosa*. Lakini angalieni jambo moja. Kitenzi *kosa* kina maana mbili: kufanya vibaya, na kutopata. Kijana alihofu *kukosa* posho, yaani kutoipata. Nomino *kosa* imechukua maana ya kwanza tu. Aliyechelewa treni *ameikosa* treni, ila hatusemi kwamba ana "kosa la treni". Mkipata sentensi ya namna hiyo kwenye mtihani, msikimbilie kusema shina moja lina maana moja.

Cheka na kicheko hazihitaji maneno mengi: *ki-* mbele, *-o* nyuma. Ndivyo ilivyo kwa *funika, kifuniko* na *ziba, kizibo*. Mengine huongeza *-o* bila *ki-*: *tenda, tendo*, *waza, wazo*, *piga, pigo*.

Tuje kwa vua, neno la kwetu hapa ziwani. Anayevua ni *mvuvi*, kazi yake *uvuvi*. Hiyo *v* ya pili imetoka wapi, wakati *vua* ina moja? Zamani shina hili lilikuwa na konsonanti nyingine kabla ya *-a*, nayo ikadondoka. Tulipoweka *-i* ya kuundia nomino, ile konsonanti haikudondoka, iligeuka *v*. Kiambishi hiki *-i* ni mkorofi, hubadili sauti inayokitangulia: *pika, mpishi*, *penda, mpenzi*, *gomba, mgomvi*, *fuata, mfuasi*. Ndiyo sababu hatuna "mpiki" wala "mpendi".

Hapa nina deni la kulipa. Katika zoezi lililopita mmoja wenu aliandika *mvua samaki* kwa maana ya mvuvi, nikamkata alama kwa wino mwekundu. Nilikosea mimi. Kiswahili huunda nomino ya mtendaji kwa *m-* na kitenzi chenye *-a* yake, ilimradi kitu kinachotendwa kifuate: *mpiga ngoma, mla nyama, mfua chuma*. *Mvua samaki* imo humo humo. Bila kutaja samaki ndipo inaharibika, ikawa mvua ya kunyesha. Alama zake mbili nimezirudisha.

Kuna umbo ambalo wengi mtaliruka, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tazameni: "wakaenda *kuvua*. *Kuvua huko kulikwenda* hadi alfajiri." La kwanza ni kitenzi. La pili lina kionyeshi *huko* na limetawala *ku-* ya kulikwenda. Ni nomino ya ngeli ya KU. Zaidi ya hapo, likiwa nomino bado linaweza kubeba kitu cha kutenda kama kitenzi: "*Kuvua dagaa* usiku *kunachosha*." Neno moja limeshika kazi mbili kwa wakati mmoja, kama kondakta anayekusanya nauli huku akiita abiria.

Mwisho, mitego. Haya yanafanana kwa umbo bali hayatokani na shina moja, kwa hiyo mkiyaleta nitayakata:

*Paa.* Ndege hupaa. Nyumba ina paa. Paa ni mnyama wa porini. Na pale Kibirizi mtasikia mtu akiambiwa "mpae huyo samaki", yaani mtoe magamba. Sauti moja, maneno mbalimbali.

*Kaa.* Kukaa kwenye kigoda, kaa la moto, kaa wa majini.

*Ua.* Kuua nyoka, ua la waridi, ua wa nyumba.

Maswali

1. Toa kwenye kifungu sentensi zenye *jibu*, *hofu* na *tumaini*. Kwa kila neno onyesha lilipo kitenzi na lilipo nomino, na taja kiambishi au neno la jirani lililokujulisha.

2. *Safiri, safari. Salimu, salamu. Ahidi, ahadi.* Ni kitu gani hakibadiliki katika kila jozi, na ni kitu gani kinabadilika? Ongeza jozi mbili za aina hiyo.

3. Tunga sentensi mbili kwa kila shina: *lima, lea, chuuza, anika*. Moja iwe na kitenzi, nyingine iwe na nomino iliyotokana nacho. Sentensi ziwe za mambo mnayoyaona Ujiji, Mwanga au sokoni, si "Juma analima shamba" niliyoisoma mara arobaini muhula uliopita.

4. "Kusoma kwake kunasoma." Sentensi hii ina kasoro. Ieleze, kisha iandike upya ili *kusoma* ibaki nomino.

5. Mzee mmoja wa Ujiji alimwambia mjukuu wake: "Penda upendwe, ila penzi lisikupofushe." Panga maneno yenye shina *-pend-* katika makundi mawili. Kisha eleza kwa nini *penzi* ina *z* na *upendwe* haina.