Taarifa ya Uchunguzi wa Ajali: Lokiringi Iliyoruka Wakati wa Kujaza Upepo (Tafsiri ya Kiswahili)

Mahali: Sehemu ya matairi, karakana ya malori, Uyole, Mbeya
Tarehe ya ajali: Jumanne, 17 Juni 2025, saa 4:40 asubuhi
Aliyeumia: Fundi wa matairi, mwanaume, miaka 27
Walengwa wa tafsiri: Mafundi wote, wasaidizi, walinzi na madereva wanaosubiri magari

Neno la mtafsiri

Taarifa ya asili iliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wanaohusika nayo hawakuisoma. Wachunguzi wametenga mafungu matatu na hayachanganywi. "Sababu" ni jambo ambalo lisingekuwepo, lokiringi isingeruka. "Jambo lililochangia" ni lile lililoongeza uwezekano wa ajali au ukubwa wa madhara, lakini peke yake lisingeirusha. "Hatua" ni la kufanya kuanzia sasa. Ndiyo maana neno "kusababisha" nimelifungia Fungu la 2, na Fungu la 3 linatumia "kuchangia" tu. Mtaani kwetu ukiuliza sababu, watu husikia "nani alaumiwe". Humu halina maana hiyo.

Mambo mengine mawili. Sisi huita rimu "ringi", kwa hiyo hapa nimeandika "rimu" kwa chuma chote cha gurudumu, na "lokiringi" kwa lile duara linalofunga tairi lisitoke. Pia kuna mahali taarifa ya asili ingeweza kutafsiriwa "fundi alishindwa kutumia kizimba cha kujazia upepo". Hakushindwa, hakukitumia. Anayeshindwa amejaribu, na tofauti hiyo inabeba haki ya mtu. Saa nimezigeuza kuwa za Kiswahili.

1. Kilichotokea

Lori la mizigo lililokuwa likielekea Tunduma liliingia saa 3:50 asubuhi na pancha ya tairi la nyuma, upande wa kushoto, la ndani. Rimu yake ni ya vipande, yenye lokiringi. Fundi alitoa tairi, akaziba tyubu, akarudisha kila kitu. Lokiringi ya zamani ilikuwa imepinda, hivyo alichukua nyingine kwenye pipa la vipuri.

Alilaza gurudumu sakafuni na kuanza kujaza upepo. Geji ilipofika kama 60 psi aliona upande mmoja wa lokiringi umeinuka kidogo. Akaupiga nyundo ukaonekana kukaa, akaendelea kujaza. Msaidizi aliyekuwa akisoma geji anakumbuka kuona sindano imepita 90 psi. Kiwango kilichokusudiwa kilikuwa 110 psi. Fundi aliinama kuipiga tena, na hapo lokiringi ikaruka. Ilimpiga mkono wa kushoto, ukavunjika sehemu mbili, ikamchana juu ya jicho, kisha ikatoboa bati la paa.

Alifikishwa hospitali kwa bajaji ndani ya dakika 25. Jicho limepona. Mkono bado uko kwenye plasta.

2. Sababu

S1. Lokiringi haikuwa ya rimu ile. Alama zilizogongwa kwenye vyuma hivyo viwili hazilingani. Kwa macho zinafanana, kipenyo ni kilekile, lakini umbo la ukingo ni tofauti, kwa hiyo lokiringi ilishika mfereji kwa sehemu tu. Upepo ulipoongezeka, tairi liliisukuma ikachomoka.

S2. Lokiringi ilipigwa nyundo tairi likiwa na upepo. Kishindo hicho kiliachilia sehemu ndogo iliyokuwa bado imeshika. Wachunguzi wanasisitiza kwamba hata lokiringi sahihi haipigwi ikiwa na upepo: ikionekana haijakaa, upepo wote hutolewa kwanza, ndipo ifunguliwe na kupangwa upya.

S3. Sababu ya msingi, iliyozaa S1: karakana haina utaratibu wa kutenganisha vipuri vya rimu. Lokiringi zote, za magari ya aina zote, nzima na zilizopinda, zimo ndani ya pipa moja bila alama. Yeyote angeingiza mkono pale siku hiyo angeweza kutoka na ileile.

3. Mambo yaliyochangia

M1. Kutu kwenye mfereji wa rimu. Ilikuwa nene kiasi cha kuficha kwamba lokiringi haijakaa. Vipimo vilionyesha kuwa lokiringi sahihi ingekaa hata juu ya kutu hiyo, ndiyo maana jambo hili liko hapa na si Fungu la 2.

M2. Kizimba cha kujazia upepo hakikutumika. Karakana inacho, kiko nyuma, kimejazwa betri chakavu. Wengi waliosoma rasimu ya tafsiri hii waliniambia jambo hili lihamie kwenye sababu. Sikulihamisha. Kizimba kisingezuia lokiringi kuruka; kingezuia isimfikie mtu. Kwa hiyo kutotumika kwake kulichangia majeraha, wala si mruko wenyewe.

M3. Mpira wa upepo wenye urefu wa mita 1.5, usio na kishikizo cha kujibana kwenye valvu. Ulimlazimu fundi kushika kwa mkono na kusimama juu ya gurudumu, mahali ambapo lokiringi huelekea ikiruka.

M4. Haraka. Malori manne yalikuwa kwenye foleni, na dereva alikuwa amesimama mlangoni akihimiza. Hakuna aliyeamriwa kuruka hatua yoyote. Hata hivyo mafundi hulipwa kwa idadi ya matairi, na wachunguzi wameona mpango huo unachangia.

M5. Fundi alijifunza kazi kwa kumwangalia mwenzake kwa miaka sita. Hakuwahi kupewa mafunzo ya rimu za vipande.

Yaliyochunguzwa na kuonekana hayahusiki: kompresa, uzima wa tairi, ulevi.

4. Hatua zinazopendekezwa

"Ni lazima" maana yake kazi haiendelei bila hatua hiyo. "Inashauriwa" maana yake uongozi unaweza kuchagua njia nyingine inayofikia lengo lilelile.

H1 (inajibu S1 na S3). Ni lazima pipa liondolewe leo. Lokiringi zilizopinda, zenye ufa au zilizoliwa na kutu zikatwe vipande kabla ya kuuzwa chuma chakavu, zisije zikarudi kwa mlango wa nyuma. Zilizobaki zifungwe kwa waya pamoja na rimu zake. Isiyo na rimu yake haitumiki. Mhusika: msimamizi wa stoo.

H2 (inajibu S2). Ni marufuku kupiga kwa nyundo sehemu yoyote ya gurudumu lenye upepo. Bango liwekwe juu ya kompresa, kwa Kiswahili. Mhusika: msimamizi wa zamu.

H3 (inajibu M2 na M3). Ni lazima kizimba kitolewe betri na kufungwa karibu na kompresa, na mpira mpya wa mita 4 uwekwe, wenye kishikizo cha kujibana na geji upande wa fundi. Hadi hapo rimu za vipande hazijazwi upepo hapa. Mhusika: meneja wa karakana.

H4 (inajibu M1). Mfereji usuguliwe kwa brashi ya waya na kukaguliwa kila rimu inapofunguliwa.

H5 (inajibu M4 na M5). Inashauriwa malipo ya mafundi wa matairi yawe ya siku, na mafunzo ya rimu za vipande yatolewe kwa mafundi wote watano kabla ya 31 Agosti 2025. Madereva wasubiri nje ya mstari wa njano.

H6. Meneja ahakikishe ajali imeripotiwa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na aliyeumia apewe nakala ya taarifa hii kwa lugha zote mbili. Nakala yake ya Kiswahili nimempelekea mwenyewe nyumbani Igawilo. Aliomba nimsomee S2 mara mbili.