Maneno ya Afisa Mifugo wa Kata kwa Wauza Maziwa wa Soko Letu

Ndugu Mwenyekiti wa soko, mama zangu, kaka zangu na wadogo zangu wauza maziwa, asalaam aleikum na bwana asifiwe.

Nawashukuru kwa kuniachia nusu saa kabla ya madumu ya asubuhi hayajafunguliwa. Nimekuja kusema nanyi juu ya maji tunayotia ndani ya maziwa, na ninasema "tunayotia" kwa sababu baba yangu naye aliuza maziwa, na kopo lile la maji nililiona nyumbani kabla sijaliona sokoni.

Hesabu yake mnaijua. Dumu la lita 20 likiwa na lita 2 za maji, kwa bei yetu ya shilingi 2,000, mtu anapata shilingi 4,000 za bure. Lakini maji hayo huchotwa wapi? Mengi ni ya kisima kifupi au ya pipa lisilo na kifuniko, na ndimo vinamopita vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Najua mtaniambia kwamba mteja huchemsha. Anayechemsha ni wa chai. Anayenunua mtindi anaunywa kama ulivyo. Isitoshe, kuchemsha hakurudishi kilichopungua: mama anayemkorogea uji mtoto aliyeachishwa ziwa hudhani amempa kikombe kizima cha maziwa, kumbe sehemu yake ni maji, na mtoto hana namna ya kulalamika.

Mteja mzima naye halalamiki, na hapo ndipo tunapojidanganya. Mama lishe akiona chai yake haikolei na maziwa hayafanyi utandu, hagombani na mtu. Kesho yake ananunua maziwa ya pakiti dukani, na hasemi tena "maziwa ya fulani ni mepesi", anasema "maziwa ya sokoni". Kwa neno hilo, hata yule asiyetia tone moja amekosa mteja.

Wapo wanaosema kwamba maziwa huwafikia yakiwa yameshaongezwa maji njiani, na nakubali kwamba hutokea. Ndiyo maana nimekuja na laktomita, kipimo cha kuelea kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Maziwa halisi ya ng'ombe, yakiwa yamepoa hadi nyuzi 20 hivi, husoma kati ya 28 na 32. Yale ya 30, yakitiwa maji kwa kiasi nilichotaja, hushuka hadi 27. Yaliyotoka kukamuliwa tuyaache kwanza yatulie, maana povu hudanganya kipimo. Na anayeongeza sukari au unga ili kipimo kipande ajue kwamba vyote viwili vina kipimo chake.

Kuanzia Jumatatu, kwa makubaliano na kamati yenu, meza ya kupimia itakuwa langoni saa 12 asubuhi, bila malipo, na mletaji wa maziwa atasimama hapo pamoja na mnunuzi wake. Leo tujaribu kwa hiari. Nani ataleta dumu la kwanza?