Kikao cha mwani: Jumanne tarehe 10 saa 4 asubuhi au Jumatano tarehe 11 saa 2 na nusu usiku, chagua moja

Asalaam aleikum dada Zuwena,

Habari za Maskati, za watoto na za dukani? Sie huku Jambiani hatujambo alhamdulilahi, kaskazi limekaza na joto ni kali lakini tupo.

Dada nakuandikia imeli badala ya wasap kwa sababu nataka hili lote liwe sehemu moja usilitafute kwenye meseji za sauti. Tangu Desemba tunapanga kuongea kuhusu ule mwani wa sabuni na bado hatujaongea, ukiuliza "lini" nakujibu "wiki ijayo", nikiuliza mimi unanambia "nitakucheki", na ile siku moja tuliyokubaliana saa 3 mimi nikaichukua ya kwetu kumbe wewe ulisema ya kwenu, ukapiga tukiwa hatujafika na tulipokupigia ulikuwa ushaingia kwenye shughuli zako. Kosa halikuwa lako, sikuuliza saa 3 ya wapi. Lakini akinamama sita waliacha maji siku ile wakaja kukaa barazani kwangu, na maji ya bamvua ukiyaacha leo hayakusubiri, kamba ambayo hukuifunga inabaki vile vile mpaka kesho yake. Ndo mana safari hii nimekaa na wenzangu kwanza, tumeangalia mwezi na maji, tukatoa nafasi mbili tu ambazo tuna hakika nazo:

1. Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa 4 kamili asubuhi ya Zanzibar. Kwako itakuwa saa 5 asubuhi, simu yako itasoma 11:00.

2. Jumatano tarehe 11 Februari 2026, saa 2 na nusu usiku ya Zanzibar. Kwako itakuwa saa 3 na nusu usiku, simu itasoma 21:30.

Nijibu "1" au "2" tu, inatosha kabisa. Ukijibu kabla ya Ijumaa tarehe 6 ntawahi kuwaambia wote tukiwa bado tunakutana shambani kila siku, mana maji yakishakuwa mafu kila mtu anakuwa kwake na kumpata ni mpaka umfuate nyumbani.

Nikueleze kwanini siku hizo, usije ukaona tunakupangia. Mwezi ulijaa Jumapili usiku, kwahiyo wiki hii ni bamvua, maji yanatoka mbali na kina chake kinaangukia saa 4, saa 5 asubuhi, yani saa zile zile ambazo wewe upo huru dukani ndo sie tupo ndani ya maji mpaka kiunoni, na simu tunaziacha nyumbani. Kufika tarehe 10 na 11 maji yatakuwa mafu, hayatoki ya kutosha kufanya kazi ya maana, na hapo ndo akinamama wanapata nafasi. Nikisogeza mbele zaidi mwezi unaandama na bamvua linarudi, halafu hapo hapo Ramadhani inaingia na najua na wewe dukani utakuwa huna hata pumzi. Ijumaa na Jumamosi nimeziacha kabisa kwasababu ni mapumziko yenu.

Kwa upande wangu ningependa ile ya kwanza ukiweza, sababu ni mchana na ntakupigia kwa vidio nikiwa chanjani, uuone mwani unavyoanikwa juu ya chanja haugusi mchanga, ulichonambia kwenye ile nusu kilo aliyokuletea shemeji kwamba umekuta mchanga chini ya mfuko kimetuuma sana na tumeshabadilisha. Sasa hivi tunausuuza kwa maji baridi mara mbili kabla ya kuanika na ukisagwa tunauchekecha. Nataka uyaone hayo kwa macho yako. Ile ya usiku ni nzuri pia, tutakuwa ndani kwangu tumetulia, ila ya kuonyesha itakuwa ni mfuko mezani tu.

Kikao ni dakika 45. Tutakuwa mimi, Bi Mkubwa mwenyekiti, na mweka hazina wetu, na yeyote mwingine atakayetaka kusikiliza atakaa pembeni. Napiga mimi kwa wasap, bando nishanunua, wewe huna haja ya kufungua kitu chochote. Umeme ukikatika simu itakuwa imejaa chaji, na ikikatika laini nakupigia tena hapo hapo.

Mambo ya kuongea ni matatu, na nakuandikia sasa hivi ili ukija uwe ushafikiri.

La kwanza ni aina ya mwani. Uliomba kotonii, na mimi sitaki kukuahidi kitu ambacho sina. Kotonii haipendi maji ya moto, na miezi hii ya kaskazi kwenye haya maji yetu ya kina kifupi inageuka nyeupe, inakatika kwenye kamba na inakwenda, mtu anafunga mbegu leo baada ya wiki mbili anakuta kamba tupu. Tulionao kwa wingi ni spinosamu. Tofauti yake kubwa ni kwenye ute, wa kotonii unaganda mgumu na wa spinosamu unaganda laini, na kwa sabuni yako naona huu laini utakufaa, sie wenyewe tunapikia huo huo pamoja na karafuu na mafuta ya nazi. Ila wewe ndo unajua wateja wako, kwahiyo utuambie.

La pili, unga au mwani mzima mkavu? Ulitaja kilo 60. Tukisaga tunahitaji siku zaidi, na kama unga uwe laini kama wa ngano au wenye chenga za kusugulia mwili tunataka kujua kabla hatujaanza, tukishasaga haurudi.

La tatu ni bei na usafiri, kwa ndege au kwa meli. Hapa niseme wazi dada yangu, mwani ulianza kulimwa huku kwetu na Paje tangu 1989, mamangu alikuwemo kwenye wale wa mwanzo, na miaka yote hii mkavu tunampa mnunuzi kwa bei anayoipanga yeye. Hii yako ndo mara ya kwanza mtu anatuuliza sie tunataka ngapi. Akinamama wanaisubiri hiyo simu kuliko unavyofikiri, na Bi Mkubwa ameshapiga hesabu zake kwenye daftari, kamba kwa kamba.

Kama zote mbili hazikai, usinijibu "tutaona", niandikie saa unayoiweza wewe, moja tu, kati ya Jumanne tarehe 10 na Alhamisi tarehe 12, asubuhi au usiku, na uandike "ya Maskati", mimi ntaifuata hiyo hiyo.

Msalimie sana shemeji na mwambie mifuko yake ya tende imefika, watoto wameimaliza siku ile ile.

Nasubiri 1 au 2 yako.

Mdogo wako,
Mwanaidi
Katibu wa kikundi, Jambiani
Jumanne, 3 Februari 2026